Uhariri Usioharibu Picha Asilia: Namna ya Kubadilisha Kichwa katika Picha ya Kikundi na Kubaki na Uwezo wa Kurekebisha Baadaye. Mfano kutoka Uyole, Mbeya

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna ya kubadilisha kichwa cha mtu katika picha ya kikundi bila kuharibu picha asilia, ili badiliko hilo liweze kurekebishwa au kuondolewa wakati wowote. Mfano uliotumika ni picha ya kikundi cha kuweka na kukopa iliyopigwa Uyole, ambayo ilihaririwa mara tatu kwa maombi matatu tofauti. Makala inaonesha kwamba vitu mahiri, matabaka ya marekebisho na barakoa haviufanyi uhariri ujirekebishe wenyewe. Kazi yake ni kutunza kila uamuzi mahali pake, ili uamuzi mmoja uweze kubadilishwa pasipo kuvuruga mingine. Inaonesha pia sehemu mbili ambamo uharibifu hupenya kimyakimya hata katika faili lililopangwa vizuri, na namna ya kuugundua.

1.0 Utangulizi

Uyole ipo upande wa mashariki wa Jiji la Mbeya, mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma inaachana na barabara iendayo Tukuyu na Kyela. Eneo hili lina mwinuko wa takribani mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mawingu hupita kwa haraka. Kwa mpiga picha, hali hiyo ina maana moja ya moja kwa moja: picha mbili zilizopigwa kwa kupishana sekunde chache zaweza kuwa na mwanga usiofanana hata kidogo. Moja hupigwa juani, nayo inayofuata hupigwa kivulini mwa wingu, ikawa nyeusi zaidi na yenye rangi ya ubuluu. Jambo hili ndilo linaloufanya ubadilishaji wa kichwa kutoka picha moja kwenda nyingine uwe mgumu kuliko unavyodhaniwa.

Picha inayochambuliwa hapa ilikuwa ya watu kumi na wanne waliojipanga mbele ya ukuta. Mpiga picha alipiga mara tatu. Kwa urahisi wa maelezo, picha hizo zitaitwa A, B na C. Picha A ilikuwa bora kwa watu kumi na watatu, lakini bibi aliyekaa katikati, ambaye ndiye mwenyekiti wa kikundi, alikuwa akicheka na macho yake yalifumba. Katika picha B macho yake yalikuwa wazi, lakini wingu lilikuwa limepita. Katika picha C jua lilikuwa limerudi na macho yake yalikuwa wazi, ila wanachama wawili walikuwa wamegeuka.

Maombi yalikuja kwa awamu tatu. Kwanza, kikundi kiliomba bibi aonekane akiwa na macho wazi, na studio ikachukua kichwa kutoka picha B. Baada ya siku chache, bibi mwenyewe aliona sura ile imekunjamana, akaomba itumike ya picha C. Miezi kadhaa baadaye bibi alifariki dunia. Binti yake alifika studio kuomba picha kubwa ya kuweka mbele ya jeneza, akasema: "Kaka, naomba ile ya kwanza kabisa, ile aliyokuwa anacheka. Mama alikuwa mtu wa kucheka." Ombi la tatu, kwa hiyo, lilikuwa la kuondoa badiliko lote. Iwapo faili lililobaki lingekuwa la mwisho lililobanwa kuwa tabaka moja, ombi hilo lisingetekelezeka, kwa kuwa kadi ya kamera ilikwisha kufutwa na kutumika katika kazi nyingine.

2.0 Maana ya Dhana za Msingi

Programu iliyotumika ni Photoshop. Programu hii ilianza kutumia matabaka katika toleo la 3.0 la mwaka 1994, ikaongeza matabaka ya marekebisho katika toleo la 4.0 la mwaka 1996, na vitu mahiri katika toleo la CS2 la mwaka 2005. Dhana hizi tatu zinajibu maswali matatu tofauti, na ni vema zisichanganywe.

Kitu mahiri, ambacho kwenye skrini huitwa `Smart Object`, ni kasha linalohifadhi picha chanzi nzima ndani ya faili. Mhariri anapoipunguza picha iliyo ndani ya kasha, programu haitupi chembe za picha. Huandika tu kwamba picha ioneshwe kwa asilimia fulani na kwa pembe fulani. Akiikuza tena, hesabu huanza upya kutoka katika chanzi. Tabaka la kawaida halina kumbukumbu hiyo. Likipunguzwa hadi nusu ya upana na nusu ya urefu, robo tatu ya chembe zake hupotea, na kulikuza tena ni kubahatisha kilichopotea.

Tabaka la marekebisho ni maelekezo ya mwanga au rangi yaliyowekwa juu ya picha bila kuigusa. Umuhimu wake unaonekana katika hesabu ndogo. Picha ya biti 8 ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi ya msingi. Ngazi hizo zikikunjwa hadi 128 ili kuifanya picha iwe nyeusi, kisha zikatanuliwa tena, picha hurudi kuwa na mwanga uleule lakini ngazi zilizo hai ni 128 tu. Katika ngozi ya uso, upungufu huo huonekana kama mistari ya hatua mahali palipopaswa kuwa na mpito laini. Tabaka la marekebisho huepusha hali hiyo, kwa sababu mhariri hubadilisha maelekezo yaleyale badala ya kurundika marekebisho juu ya marekebisho ndani ya chembe za picha.

Barakoa ni ramani ya rangi nyeusi, nyeupe na kijivu inayoamua ni sehemu gani ya tabaka ionekane. Palipo peupe huonesha, palipo peusi huficha, na kijivu huonesha kwa kiasi. Tofauti ya barakoa na kifutio ni kwamba kilichofichwa kipo bado, na chaweza kurudishwa kwa kupaka rangi nyeupe.

3.0 Ujenzi wa Badiliko la Kwanza

Picha A ilifunguliwa kama msingi na haikuguswa tena. Picha B iliingizwa kwa amri ya `File > Place Embedded`, ambayo huiweka moja kwa moja ndani ya kitu mahiri. Mpiga picha alikuwa amerudi nyuma kidogo kabla ya kupiga B, hivyo kichwa cha bibi kilikuwa na urefu wa chembe 370, ilhali katika A kilikuwa na chembe 400. Kukigawa 400 kwa 370 kunatoa uwiano wa 1.08, ndiyo maana kitu mahiri kilikuzwa hadi asilimia 108. Ili kukipanga mahali pake, uangavu wa tabaka ulipunguzwa hadi asilimia 50, na ukosi wa gauni ukatumika kama alama ya kulinganishia. Macho hayafai kwa kazi hiyo, kwa kuwa ndiyo yanayotofautiana.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyoamua hatima ya kazi nzima: barakoa iwekwe wapi? Wahariri wengi huiweka juu ya kitu mahiri chenyewe. Ikiwa hapo, barakoa huambatana na kichwa, na kichwa kikisogezwa au kukuzwa, barakoa nayo husogea na kukuzwa. Lakini barakoa si kitu mahiri. Ni picha ya kawaida ya kijivu, na kila inapokuzwa au kupunguzwa hukokotolewa upya, kingo zake zikaendelea kufifia. Hii ni sehemu ya kwanza ambamo uharibifu hupenya.

Suluhisho ni kutafakari barakoa ni mali ya nani. Mstari wa maungio ulipita chini ya kidevu, ndani ya kivuli cha shingo, kisha ukazunguka nje ya kilemba. Mstari huo ulifuata mwili wa picha A. Haukuwa sehemu ya kichwa cha picha B. Kwa sababu hiyo, kitu mahiri kiliwekwa ndani ya kundi la matabaka, na barakoa ikawekwa juu ya kundi. Kwa mpangilio huo, kichwa huweza kusogezwa ndani ya kundi huku mstari wa maungio ukibaki palepale. Barakoa iliachwa pana kuzunguka kilemba, ikijumuisha sehemu ya ukuta wa nyuma, ili kilemba cha picha A kisichungulie nyuma ya kile cha picha B. Upana huo ulikomea pale bega la jirani lilipoanzia.

Mpangilio wa matabaka, kuanzia juu kwenda chini, ulikuwa hivi:

```
kiungo_shingo      (tabaka tupu la kusahihisha)
[kundi] kichwa     (barakoa ipo hapa)
    mwanga_B       (Curves, imefungwa kwa kichwa_B)
    kichwa_B       (Smart Object)
picha_A            (msingi, haiguswi)
```

Kisha mwanga ulisawazishwa. Kwenye paji la uso, sehemu ileile ilisomeka nyekundu 118, kijani 84 na buluu 74 katika picha B; katika picha A ilisomeka 142, 98 na 78. Tofauti ni 24, 14 na 4 kwa mfuatano huo. Namba hizi zinaeleza zaidi ya ukosefu wa mwanga. Iwapo wingu lingepunguza mwanga tu, rangi zote tatu zingeshuka kwa uwiano unaokaribiana. Hapa nyekundu ilishuka sana na buluu kidogo, hivyo kuongeza mwanga kwa jumla kungeufanya uso uwe mweupe wenye ubuluu. Tabaka la `Curves` liliwekwa juu ya kitu mahiri, likafungwa nacho kwa amri ya `Layer > Create Clipping Mask` ili lisiguse watu wengine, na kila rangi ikapandishwa peke yake: 118 ikawa 142, 84 ikawa 98, 74 ikawa 78.

Mwisho, palibaki utepe mwembamba wa kivuli shingoni usiolingana. Ulisahihishwa kwa muhuri wa kunakili, yaani `Clone Stamp`, juu ya tabaka tupu, chaguo la `Sample` likiwa `Current & Below`.

4.0 Badiliko la Pili: Kuweka Kichwa cha Picha C

Bibi alipoomba sura ya picha C, hapakuwa na haja ya kuanza upya. Kitu mahiri kilibofywa kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ikachaguliwa amri ya `Replace Contents`, na picha C ikaingia mahali pa B. Hapa ndipo wanaoanza hukosea kwa kudhani kwamba kazi imekwisha. Kitu mahiri hurithisha vipimo vya picha iliyotangulia, na vipimo hivyo vilikuwa jibu la swali la picha B.

Kosa la kwanza lililoonekana lilikuwa la ukubwa. Kichwa katika picha C kilikuwa na urefu wa chembe 385. Kikirithi asilimia 108 kinakuwa na chembe 416, yaani 16 zaidi ya inavyotakiwa. Chembe 16 ni chache, lakini bibi alionekana mwenye kichwa kizito kuliko jirani zake, na mtazamaji huhisi kasoro hiyo hata asipoweza kuitaja. Kipimo kilirekebishwa kuwa asilimia 103.9. Kwa kuwa hesabu ilifanywa kutoka katika chanzi, hapakuwa na hasara ya ziada. Kichwa kilisogezwa pia, kwa kuwa bibi alikuwa ameegemea upande wa kushoto.

Kosa la pili lilikuwa la rangi. Picha C ilipigwa juani kama A, na haikuhitaji marekebisho ya wingu. Tabaka la `mwanga_B` liliendelea kuongeza nyekundu mahali pasipohitaji, uso ukawa mwekundu kuliko shingo. Dalili ya kosa hili ni hiyohiyo: uso na shingo ya mtu mmoja vikitofautiana rangi, kuna tabaka la marekebisho linalojibu swali lililopitwa na wakati. Tabaka lilizimwa kwa alama ya jicho, wala halikufutwa, kwa sababu B ingeweza kuhitajika tena.

Kosa la tatu lilikuwa la umbo. Kilemba cha picha C kilikuwa kipana zaidi upande mmoja, na barakoa ya zamani ilikikata kama kwa wembe. Sehemu hiyo ilipakwa nyeupe kwa brashi laini. Ili kuikagua, mhariri alibofya barakoa huku ameshikilia kitufe cha `Alt`, na skrini ikaonesha barakoa peke yake. Madoa ya kijivu yaliyosahauliwa, ambayo katika picha huonekana kama ukungu ukutani, hujitokeza wazi hapo.

Kosa la nne lilikuwa gumu zaidi kuliona, nalo ndilo sehemu ya pili ambamo uharibifu hupenya. Utepe wa shingo uliokuwa katika tabaka la `kiungo_shingo` haukubadilika. Muhuri wa kunakili hauhifadhi maelekezo. Hunakili chembe kama zilivyoonekana wakati ule, pamoja na athari za matabaka yaliyo chini. Utepe huo ulikuwa nakala ya shingo ya picha B iliyosahihishwa kwa `mwanga_B`, na sasa ulikaa juu ya picha C kama pete chafu. Tabaka lilikuwa tupu na lilikuwa peke yake, lakini yaliyomo yalikuwa yamekwisha kuganda.

Jaribio la kugundua chembe zilizoganda ni rahisi. Zima jicho la kundi la `kichwa` na uitazame picha A. Chochote cha kichwa kipya kitakachoendelea kuonekana hakimo ndani ya kundi, bali kimenakiliwa mahali pengine. Katika mfano huu, pete ya shingo ilibaki ikielea chini ya kidevu cha picha A. Tabaka la `kiungo_shingo` lilifutwa yaliyomo na kupakwa upya. Kanuni inayotokana na kosa hili ni kwamba usahihishaji wa kunakili huwa wa mwisho siku zote, hukaa juu ya matabaka mengine, na huhesabiwa kuwa ni kazi ya kurudiwa kila kilicho chini kinapobadilika.

5.0 Badiliko la Tatu: Kuondoa Yote

Ombi la binti wa marehemu lilitekelezwa kwa kuzima jicho la kundi la `kichwa` na la tabaka la `kiungo_shingo`. Bibi alirudi akicheka, macho yamefumba. Lakini kwa picha ya namna hii haitoshi kuonekana kuwa sawa. Mwombaji alihitaji hakika kwamba ule ni uso wa mama yake kama kamera ilivyouona, na studio ilihitaji kuweza kulisema hilo bila kusitasita.

Uhakiki ulifanywa kwa kuleta nakala ya picha A iliyokuwa imehifadhiwa katika kabrasha la kazi hiyo, kuiweka juu kabisa na kubadilisha namna yake ya kuchanganyika kuwa `Difference`. Namna hii hutoa tofauti ya namba kati ya matabaka mawili. Mahali yanapofanana huwa peusi kabisa. Skrini nzima ikawa nyeusi. Iwapo mtu angekuwa amewahi kupaka kitu moja kwa moja juu ya msingi, hata doa dogo, lingeng'aa katika weusi huo, ingawa doa hafifu huhitaji kuongezewa mwanga kwa tabaka la `Levels` ili lionekane.

6.0 Mipaka ya Mbinu

Mbinu hii ina gharama. Picha ya chembe 6,000 kwa 4,000 ina chembe milioni 24. Kwa rangi tatu za biti 8, tabaka moja huchukua baiti milioni 72 katika kumbukumbu ya kompyuta, na kwa biti 16 huchukua mara mbili yake. Kitu mahiri hubeba chanzi pamoja na taswira inayooneshwa. Kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ndogo, kazi huwa nzito, na hiyo ndiyo sababu inayowafanya wengi watumie amri za `Rasterize Layer` na `Flatten Image`. Ya kwanza huvunja kasha na kuacha taswira tu. Ya pili hukandamiza matabaka yote kuwa moja. Baada ya faili kuhifadhiwa na kufungwa, hakuna amri ya kuzitengua. Kuhifadhi kwa JPEG pekee kuna matokeo yaleyale, kwa kuwa muundo huo haubebi matabaka. Faili la kazi lihifadhiwe kwa PSD, ambayo kikomo chake ni gigabaiti 2, au kwa PSB likizidi hapo. JPEG iwe nakala ya kuchapisha.

Kikomo cha pili si cha kompyuta. Mpangilio wa matabaka hutunza maamuzi, lakini hautunzi sababu zake. Jina `mwanga_B` lilimwezesha mhariri kutambua kwamba tabaka lile lilikuwa la wingu la picha B. Lingeitwa `Curves 1`, kama programu inavyoliita yenyewe, angelazimika kukisia. Vilevile, faili haliwezi kutoa picha ambayo haikuingizwa: picha C isingehifadhiwa siku ya kupiga, ombi la pili lingekwama, hata kama kitu mahiri kingekuwa tayari kuipokea.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba kichwa kilichobadilishwa huweza kubadilishwa tena pale ambapo maswali manne yametengewa mahali pake: chanzi kimo katika kitu mahiri, rangi katika tabaka la marekebisho lililofungwa nacho, mpaka katika barakoa ya kundi, na usahihishaji wa kunakili katika tabaka la juu. Chanzi kinapobadilika, maswali mengine matatu huulizwa upya kwa mfuatano kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa majibu ya zamani hubaki kazini mpaka yaondolewe. Katika mfano wa Uyole, mpangilio huo ulichukua muda zaidi siku ya kwanza kuliko kufuta na kubandika. Siku ya tatu, kazi ilikuwa kuzima macho mawili kwenye orodha ya matabaka, na binti akaondoka na picha ya mama yake akicheka.